Kunakili simu iliyorekodiwa: zamu, sauti zinazopishana na marekebisho

Hivi karibuni nilimsaidia mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa ameandika kwamba, katika simu ya dada wawili, mdogo alikuwa akimkatiza mkubwa wake. Tuliposikiliza upya, tulikuta kwamba hakumkatiza. Mabano yanayoonyesha pale sauti mbili zinapopishana ndiyo yaliyokuwa yamewekwa pasipo mahali pake. Ninafuata hapa sekunde chache za simu hiyo, kwa alama zilizobuniwa na mtafiti wa mazungumzo Gail Jefferson.

Hatua ya 1: Faili. Pata idhini ya wazungumzaji wote wawili, si ya mwenye simu peke yake. Tumia faili ya WAV. Ikiwa kila sauti ina chaneli yake, ifungue katika Praat, programu ya kuchambua sauti, na uzitenganishe kwa `Extract all channels`.

Hatua ya 2: Maneno. Andika kila kinachosikika, pamoja na vipande vya maneno, kwa fonti ya Courier New, ambayo herufi zake zote zina upana mmoja. Sogeza maneno kwa nafasi za kawaida, kamwe si kwa `Tab`, kwa sababu mabano yataachana mara tu faili itakapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

Hatua ya 3: Mabano ya sauti zinazopishana. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima nilipokuwa ninaanza kazi hii, na ndipo mwanafunzi wangu alipokwama. Matokeo sahihi ni haya (D ni dada mkubwa, M ni mdogo):

```
01 D: nitapanda basi la saa ku:mi [na mbi:li.]
02 M:                             [haya nita-]
03    (0.4)
04 M: saa nga:pi.
05 D: kumi na mbili.
06 M: aha:: haya.
```

Mwanafunzi alikuwa ameweka mabano kabla ya neno "saa", ikaonekana kana kwamba M aliingia katikati ya kauli. Lakini "nitapanda basi la saa kumi" ni kauli iliyokamilika kisarufi, na D aliivuta silabi ya "ku", kama nukta mbili zinavyoonyesha, mithili ya mtu anayemaliza. Hapo zamu ingeweza kupokelewa kihalali, na M aliipokea papo hapo. "Na mbili" ndiyo iliyokuja baadaye. Mabano yakisogea maneno mawili tu, msikilizaji makini anageuka kuwa mkatizaji.

Mahali hapo hapapatikani kwa kusikiliza sentensi nzima, kwa maana sikio, likishajua maana, husogeza sauti ya pili hadi kwenye mpaka wa neno. Chagua kipande cha takriban nusu sekunda katika Praat, kisikilize, kisha usogeze mwanzo wake mbele kidogo kidogo mpaka sauti ya kwanza ya mzungumzaji wa pili isikike peke yake. Mabano yakiangukia katikati ya neno, yaache hapo hapo.

Katika rekodi ya chaneli moja, sauti ya aliye karibu huifunika ya aliye mbali, na "h" ya "haya" huenda isionekane kabisa kwenye spektrogramu, yaani picha ya sauti. Katika hali hiyo mimi huweka mabano pale irabu inapoanza kuonekana, kisha ninaeleza jambo hilo kwenye maelezo ya rekodi.

Zaidi ya hayo, simu huchelewesha sauti. Rekodi hii ilifanywa kwenye simu ya D, kwa hiyo "haya" imeandikwa pale D alipoisikia; M aliitamka mapema kidogo kuliko hapo. Kwa sababu hiyo sipendi kutumia alama ya `=`, inayoonyesha kwamba zamu mbili zimegusana bila mwanya, katika simu za mkononi zilizorekodiwa upande mmoja.

Hatua ya 4: Kimya. Kipime katika Praat kwa sehemu za kumi za sekunda. Kimya kisicho cha mtu kipewe mstari wake, kama ule wa 03. Kilicho ndani ya zamu kibaki ndani ya zamu hiyo. Kilicho chini ya sekunde 0.2 kiandikwe `(.)`.

Hatua ya 5: Marekebisho, yaani pale wazungumzaji wenyewe wanapotatua tatizo la kusikia au kuelewana. Mwanafunzi alikuwa ameunganisha mstari wa 02 na wa 04 kuwa "Haya, saa ngapi?", akafuta "nita-" kwa kuiona kuwa uchafu. Kistari hicho kinaonyesha sauti iliyokatwa ghafla: M alisikia "na mbili" ikiendelea, akaiacha zamu yake. Kimya cha 0.4 kinafuata, ndipo anaomba rekebisho kwa "saa nga:pi", na D analitoa kwa kurudia saa peke yake, bila basi wala kitenzi. Ukiifuta "nita-", swali la mstari wa 04 linakosa chanzo.

Angalia pia kwamba nimemalizia "nga:pi" kwa nukta. Katika alama hizi nukta ni sauti inayoshuka na `?` ni sauti inayopanda. Sauti ya M ilishuka, ingawa aliuliza swali.