Uanze na swali lipi? Kupanga mpangilio wa kujibu mtihani kwa kusoma mwinuko wa ugumu wake

Nimefundisha hisabati ya mitihani kwa miaka mingi, na kila mara nikikaa na mwanafunzi kupitia karatasi iliyosahihishwa nakuta alama zilizopotea hivihivi. Anajua kulijibu swali la mwisho, nikimpa sasa hivi analimaliza, lakini siku ya mtihani alilifikia zikiwa zimebaki dakika kumi. Hapo sina somo la kumfundisha upya. Lililomwangusha ni mpangilio wa kujibu, na mpangilio hujengwa nyumbani, kabla hajaingia chumba cha mtihani.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: karatasi ya hisabati ya saa 3, alama 100. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja. Sehemu B ina maswali 4 ya alama 10 kila moja. Yote ni ya lazima.

Hatua ya 1: Chora mwinuko kutoka mitihani iliyopita

Chukua karatasi nne au tano za miaka iliyopita za mtihani uleule. Zifanye kwa saa, na kwa kila swali andika vitu viwili tu: umetumia dakika ngapi, na umepata alama ngapi ulipojisahihisha. Kama swali lina kipengele (a) na (b), viandike kila kimoja peke yake. Watu wengi huliruka hili, na ndilo lenye siri, kwa sababu ugumu mara nyingi hukaa ndani ya swali, kati ya kipengele na kipengele.

Kisha weka herufi: W kwa jepesi, K kwa la kati, Z kwa zito. Uzito huo uwe wako wewe. Swali la vekta linaweza kuwa mtelemko kwa darasa zima na kwako likawa mlima.

Ukizipanga karatasi zako sambamba, utaona umbo. Kuna karatasi za ngazi: zinaanza chini na kupanda taratibu hadi swali la mwisho. Kuna za msumeno: kila swali linaanza jepesi, linapanda hadi kipengele cha mwisho, kisha swali linalofuata linashuka tena chini. Na kuna zilizochanganywa, ambazo mtunzi amefuata mada bila kujali uzito. Mtihani wa SAT, kwa mfano, una maumbo mawili ndani yake: upande wa hisabati maswali ya kila moduli yanapanda kutoka jepesi hadi zito, ilhali upande wa kusoma na kuandika yamepangwa kwa makundi ya ujuzi, na ugumu unapanda ndani ya kundi kisha unaanza upya kundi jipya linapofika. Asiyejua hilo akikutana na maswali mawili mazito mfululizo hudhani yote yaliyobaki ni mazito zaidi, kumbe jepesi liko hatua moja mbele.

Karatasi yetu ya mfano imechanganya maumbo. Mwanafunzi wangu mmoja alipochora yake, ilitoka hivi: swali la 1 hadi la 4 ni W, la 5 hadi la 7 ni K, la 8 na la 10 ni Z, lakini la 9, katikati ya mazito hayo mawili, lilikuwa W karibu kila mwaka. Sehemu B, la 11 la takwimu ni W ila refu, la 12 ni K, la 13 ni msumeno (kipengele (a) cha alama 4 chepesi, (b) cha alama 6 kizito), na la 14 ni W refu.

Hatua ya 2: Geuza mwinuko uwe foleni

Kuna ushauri unaosikika sana: anza na yenye alama nyingi. Mwingine unasema: maliza sehemu A ndipo uende B. Yote miwili inaangalia alama bila kuangalia muda. Kipimo ninachokitumia ni alama unazozipata kwa kawaida katika swali hilo, ukizigawa kwa dakika zinazokwenda.

Tuangalie namba zake. Maswali mepesi ya sehemu A alikuwa akiyamaliza kwa dakika 7 na kupata zote 6, yaani karibu alama 0.9 kwa dakika. La 11 lilimchukua dakika 18 na la 14 dakika 17, akipata zote 10, yaani kati ya 0.5 na 0.6. La 5 lilimchukua dakika 12 na kwa kawaida alipata 5, ikawa 0.4. Kwa hiyo la 11, ambalo liko sehemu B na linatisha kwa urefu, linatangulia la 5 ambalo liko ukurasa wa kwanza.

Alinibishia. “Mwalimu, la kumi na moja naliogopa, lina jedwali na maelezo mstari juu ya mstari.” Nikamwambia ahesabu maelezo yale yanampa nini. Karibu kila mstari ulikuwa unampa taarifa ya kutumia: idadi, matabaka, kitu cha kutafuta. Kinyume chake swali la 10 lilikuwa na mistari miwili tu, “Thibitisha kwamba…”, na ndani yake hapakuwa na pa kushikia. Urefu wa swali hauonyeshi uzito wake. Ishara ninayoiamini zaidi ni alama nyingi kwa ombi fupi: kipengele cha alama 6 kinachoomba kitu kimoja kina hatua nyingi zilizofichwa.

Foleni yake ya mzunguko wa kwanza ikawa: 1, 2, 3, 4, 9, kisha 13(a), ambacho kilikuwa kikimchukua dakika 5, halafu 14 na 11. Mzunguko wa pili: 5, 6, 7, 12. Wa tatu: 8, 10, 13(b).

Hapa kuna tahadhari kuhusu msumeno. Usikate kipengele (a) na (b) kama (b) inatumia jibu la (a). Ukirudi saa nzima baadaye utalazimika kusoma upya na kukumbuka ulichokuwa unafikiri, na dakika mbili tatu zimekwenda. Kata pale tu ambapo (b) inasimama yenyewe, au umejaribu ukakwama. Na kuna zawadi ambayo watahiniwa hawaioni: kipengele kinachosema “Onyesha kwamba jibu ni kadhaa” kimeshakupa jibu. Hata kama umeshindwa kukionyesha, lichukue jibu hilo ulitumie kwenye kipengele kinachofuata.

Hatua ya 3: Dakika 8 za kwanza chumbani

Foleni ya nyumbani ni makadirio, na mtunzi anaweza kuwa amebadilisha. Soma karatasi yote bila kukokotoa, ukiandika W, K au Z pembeni mwa kila kipengele. Usikae kwenye swali zaidi ya muda wa kulisoma mara moja. Unatafuta jambo moja: je, ninauona mstari wa kwanza wa kuandika? Ukiuona na unajua unaelekea wapi, ni W. Ukiuona lakini mbele kuna giza, ni K. Usipouona kabisa, ni Z.

Linganisha na foleni yako. Tofauti ya swali moja au mawili ni kawaida, yasogeze tu. Lakini ukikuta katika yale manne ya mwanzo mawili hayafanani na ulichotarajia, umbo limebadilika. Achana na foleni ya nyumbani, fuata herufi ulizoziandika sasa hivi.

Hatua ya 4: Zunguka, na ujue wakati wa kutoka

Tukitoa dakika 8 za kusoma na 12 za mwisho za kuhakiki, zimebaki 160 kwa alama 100, yaani dakika 1.6 kwa alama. Swali la alama 6 lina haki ya dakika kama 10, la alama 10 lina 16. Katika mzunguko wa kwanza mipaka hii haikusumbui sana, ukizidisha kidogo kwenye la 11 utafidia kwenye la 1. Inakuwa muhimu kwenye K na Z. Muda ukifika na bado unaandika mstari mpya unaosogea, endelea dakika mbili. Ukijikuta unafuta ulichoandika na kuanza tena njia ileile, toka.

Mwanafunzi huyu alifanya jaribio kwa foleni yake. Mzunguko wa kwanza ulichukua dakika 75: maswali matano mepesi dakika 35, 13(a) dakika 5, la 14 dakika 17, la 11 dakika 18. Dakika ya 83 alikuwa ameshajibu maswali yenye alama 54. Mzunguko wa pili ulikula 54, akafika dakika ya 137 akiwa na muda wa kutosha kuyajaribu yote matatu mazito na bado kuhakiki. Hakuyamaliza, lakini kwenye la 8 aliandika fomula sahihi na kuweka thamani zake, na mwongozo wa usahihishaji ulikuwa na alama za njia kwa hilo.

Wiki mbili kabla, kwenye jaribio lililofanana na hilo kwa umbo, alikwenda moja kwa moja kutoka 1 hadi 14. La 8 na la 10 yalimla dakika 20 kila moja. 13(b) ikamla 18. Alilifungua la 14, ambalo linahitaji dakika 17, dakika ya 170.

Yanayoharibika njiani

Kosa la kwanza ni la mikono. Ukiruka swali kwenye karatasi ya kuchagua A, B, C, D, unaweza kulipaka la 9 kwenye mstari wa 8, na yote yanayofuata yakasogea. Kila unaporuka, weka alama pembeni mwa mstari uliouacha wazi. Kwenye kijitabu cha majibu anza kila swali ukurasa mpya ili kipengele ulichokiacha kiwe na nafasi.

Kosa la pili ni kuruka kupita kiasi. Ukiona umeandika Z kwenye zaidi ya nusu ya karatasi, ujue hofu ndiyo inayoweka herufi. Jibu swali moja la W hadi mwisho, kisha rudi uzisome upya zile Z. Mara nyingi mbili tatu hugeuka K.

Pia kuna mitihani ambayo foleni hii haiingii. Kama kila sehemu ina muda wake na ukipita hurudi, panga ndani ya sehemu tu. Na kwenye mitihani ya kompyuta inayochagua swali linalofuata kulingana na ulivyojibu lililotangulia bila kukuruhusu kurudi nyuma, mpangilio hauko mikononi mwako. Kinachobaki cha kutumia hapo ni ule ukomo wa dakika kwa swali na ishara ya kutoka.

Foleni ijaribu kwenye karatasi tatu kamili kabla ya kuiamini, na kila baada ya karatasi sahihisha zile dakika. Mwanafunzi niliyemtaja alibadilisha ya kwake mara mbili. Mara mojawapo la 12 lilipanda mbele ya la 7, baada ya kuona kwamba kila mara analifanya kwa dakika 14.