Kupima mavuno ya kwanta: hesabu fotoni zilizofyonzwa, si wati za taa

Mavuno ya kwanta ni uwiano mwepesi kuuandika: moli za zao lililotengenezwa, ugawe kwa moli za fotoni zilizofyonzwa na kampaundi yako. Juu ya mstari hakuna shida sana, kwani kupima zao ni kemia ya kila siku. Kazi iko chini ya mstari. Hapo ndipo wengi huchukua wati zilizoandikwa kwenye taa, wakazidisha kwa sekunde, kisha wakashangaa kupata jibu lisiloeleweka.

Ndiyo maana mtu anayeanza nampa kwanza mmenyuko ambao jibu lake linajulikana: potasiamu ferioksaleti. Hatchard na Parker waliuchunguza kwa kina na kuchapisha matokeo yao mwaka 1956, na mpaka leo maabara nyingi hukagulia taa zao kwa mmenyuko huu. Kwenye mwanga wa nanomita 365 mavuno yake ni karibu 1.2. Ukipata namba iliyo mbali na hiyo, mara nyingi kosa liko kwenye hesabu yako ya fotoni.

Hatua ya 1: andaa myeyusho gizani

Pima gramu 0.295 za fuwele za kijani za K₃Fe(C₂O₄)₃·3H₂O, uziyeyushe katika asidi ya sulfuriki ya 0.05 M, ujaze mpaka mililita 100. Hapo una 0.006 M. Fanya kazi chini ya taa nyekundu hafifu, maana mwanga wa dirishani peke yake unatosha kuanzisha mmenyuko kabla hujawasha chochote. Chupa ifunikwe kwa karatasi ya alumini.

Weka mililita 3.0 kwenye kyuveti ya sentimita 1, pamoja na kikorogeo kidogo cha sumaku. Usiache kukoroga. Mwanga hufyonzwa zaidi upande wa mbele, na bila kukoroga utachosha tabaka la mbele huku nyuma kukibaki kama kulivyokuwa.

Hatua ya 2: pima nguvu pale kyuveti inapokaa

Taa yangu ya LED imeandikwa wati 3. Hizo ni wati za umeme. Sehemu yake hugeuka joto, na mwanga unaobaki hutawanyika, hivyo kinachofika kwenye kyuveti ni kidogo mno. Toa kyuveti, weka kihisi cha mita ya nguvu ya mwanga mahali pale pale, na uhakikishe doa lote la mwanga linaingia ndani ya kihisi. Baadaye doa hilo hilo liingie lote ndani ya myeyusho, lisimwagike pembeni wala kupita juu yake. Mimi nilisoma miliwati 11. Vaa miwani ya kuzuia mionzi ya urujuanimno. Jicho halioni vizuri nanomita 365, lakini linaumia.

Washa taa dakika chache kabla ya kusoma, huku umeiziba kwa kibati cheusi, kwa sababu LED ikipata joto nguvu yake hushuka. Halafu angalia mita imewekwa kwenye urefu gani wa wimbi. Niliwahi kusahau kuibadilisha baada ya mwenzangu kuitumia kwa leza ya kijani. Kihisi cha silikoni huitikia zaidi mwanga wa kijani kuliko wa 365, kwa hiyo mita ilinisomea nguvu pungufu, na mavuno yakatoka 2.4. Namba hiyo ndiyo iliyonishtua, na sababu nitaieleza mwishoni mwa hatua ya 5.

Hatua ya 3: geuza nguvu kuwa fotoni zilizofyonzwa

Moli moja ya fotoni za nanomita 365 hubeba jouli 327,700 hivi. Nilimulika kwa sekunde 30:

```
Nishati   = 0.011 W × 30 s            = 0.33 J
Fotoni    = 0.33 / 327700             = 1.007e-6 mol
Zilizopita uso wa kioo = 1.007e-6 × 0.96 = 0.967e-6 mol
Zilizofyonzwa = 0.967e-6 × (1 - 10^-2.0) = 0.957e-6 mol
```

Ile 0.96 inatokana na asilimia 4 hivi ya mwanga kurudishwa na uso wa mbele wa kioo. Nayo 2.0 kwenye kipeo ni ufyonzaji wa myeyusho kwa nanomita 365: spektrofotometa ilisoma zaidi ya hapo, nami nimeweka 2.0. Ufyonzaji wa 2.0 maana yake asilimia 99 ya mwanga umebaki ndani, na asilimia 1 umetokea upande wa pili bila kufanya kazi yoyote. Usikope namba hii kwangu, pima ya kwako.

Hatua ya 4: pima zao

Mwanga hugeuza chuma(III) kuwa chuma(II). Chuma(II) kikikutana na fenanthrolini hutoa rangi nyekundu ya machungwa, na hiyo ndiyo tunayoipima. Chukua mililita 1.00 ya myeyusho uliomulikwa, utie kwenye flaski ya mililita 10, ongeza fenanthrolini na bafa ya asetati, ujaze maji mpaka alama. Iache gizani saa moja. Andaa na nyingine vile vile kwa myeyusho ambao haukumulikwa kabisa.

Nilisoma kwa nanomita 510: iliyomulikwa 0.431, ya gizani 0.012. Tofauti ni 0.419.

```
Mkolezo = 0.419 / 11100           = 3.77e-5 M
Katika mL 10 za flaski            = 3.77e-7 mol
Katika mL 3.0 zilizomulikwa (× 3) = 1.13e-6 mol
```

Ile 11100 ni kipimo cha jinsi rangi hiyo inavyofyonza mwanga wa nanomita 510, kwa kila molari na kila sentimita. Ile × 3 husahaulika sana: ulipima mililita moja tu kati ya tatu.

Hatua ya 5: gawanya

```
φ = 1.13e-6 / 0.957e-6 = 1.18
```

Tuko nyumbani. Kama ningetumia zile wati 3 za kwenye taa, ningepata 0.004.

Lakini fotoni moja inawezaje kutoa zao zaidi ya moja? Fotoni huvunja molekuli moja tu. Kuvunjika huko huacha radikali ya oksaleti, na radikali hiyo huweza kwenda kugeuza chuma(III) cha molekuli nyingine bila kuhitaji mwanga. Kwa hiyo dari ya mmenyuko huu ni 2, na ndiyo maana 2.4 yangu haikuwezekana.

Hatua ya 6: rudia kwa muda tofauti

Mulika myeyusho mpya kwa sekunde 10, 20, 30 na 40, kisha chora moli za zao dhidi ya muda. Unataka mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri. Ukianza kupinda chini, malighafi inapungua, au zao linafyonza mwanga uliokusudiwa malighafi. Kwa sekunde 30 nilikuwa nimetumia asilimia 6 hivi ya chuma chote. Mimi sipendi kuvuka 10. Mstari usipogusa sifuri bali ukaanzia juu yake, myeyusho ulipata mwanga kabla ya muda wako kuanza.

Hatua ya 7: weka sampuli yako

Sasa tumia taa ile ile, kyuveti ile ile, umbali ule ule na mililita zile zile 3.0. Kinachobadilika ni muda, njia ya kupima zao na sehemu ya mwanga inayofyonzwa. Sampuli yenye ufyonzaji wa 0.3 kwa nanomita 365 hushika nusu tu ya mwanga, basi zidisha kwa 0.50, si 0.99. Na ikiwa ferioksaleti ilikupa 1.0 badala ya 1.2 hata baada ya kukagua kila kitu, mimi huiamini ferioksaleti kuliko mita: gawanya moli za chuma(II) kwa 1.2, kisha kwa 0.99, upate fotoni zilizoingia kweli kwenye kyuveti, na uzitumie hizo.