Somo: Kutenga msimu kwenye bei ya mahindi ya kila mwezi

Gunia la kilo 90 likipanda bei Julai hapa Nakuru, kila mtu sokoni ana sababu yake. Lakini Julai bei hupanda karibu kila mwaka. Mahindi ya Bonde la Ufa huvunwa zaidi kati ya Oktoba na Desemba, na ikifika katikati ya mwaka maghala mengi yamebaki vumbi. Cha kuuliza ni kama safari hii imepanda kupita kawaida ya Julai.

Ili tujue, tunaigawa bei mafungu matatu. Kuna mwelekeo, yaani bei inakoelekea tukiweka kando kupanda na kushuka kwa mwaka. Kuna msimu, yaani kile kinachojirudia mwezi uleule kila mwaka. Halafu kuna mabaki, yaani yote yasiyoingia katika hayo mawili: ukame, barabara kukatika, tamko la serikali.

Tafuta bei za miaka mitano au zaidi, za soko moja na kipimo kimoja. Kwenye Excel, weka miezi safu ya A na bei safu ya B, Januari ya kwanza ikae mstari wa 2. Namba ninazotumia hapa ni za mfano tu, za kujifunzia hesabu.

Hatua ya 1: Kujumlisha au kuzidisha?

Chora grafu kwanza. Angalia pengo kati ya miezi ya bei ya juu na ya bei ya chini. Kama gunia lilipokuwa 2,000 pengo lilikuwa 600, na lilipofika 3,500 pengo likawa kama 1,050, basi msimu unakwenda kwa asilimia, ile 30 kwa 100 kila mara. Hapo tunazidisha:

```
Bei = Mwelekeo × Msimu × Mabaki
```

Pengo likibaki 600 hata bei ikipanda, tumia kujumlisha. Bei za vyakula kwa kawaida huangukia kwenye kuzidisha, lakini usiamue kabla ya kuona grafu.

Hatua ya 2: Mwelekeo

Tunatafuta wastani wa miezi 12, ili kila mwezi wa mwaka uhesabiwe sawa na msimu ujifute. Shida ni kwamba miezi 12 haina mwezi wa katikati. Katikati yake iko kati ya Juni na Julai. Kwa hiyo tunachukua miezi 13, Januari hadi Januari, na hizo Januari mbili kila moja tunaichukua nusu. Kwenye C8, mbele ya Julai, andika:

```
=(B2/2+SUM(B3:B13)+B14/2)/12
```

Tuseme bei kuanzia Januari ni 2,800, 2,900, 3,100, 3,300, 3,500, 3,700, 3,800, 3,600, 3,300, 3,000, 2,700, 2,700, na Januari inayofuata 3,000. Jumla ni 38,500, ukigawa kwa 12 unapata 3,208. Huo ndio mwelekeo wa Julai. Vuta fomula kwenda chini, lakini ishia miezi sita kabla ya data kuisha. Miezi sita ya mwanzo na sita ya mwisho itabaki wazi, na ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 3: Uwiano

Kwenye D8 andika `=B8/C8`. Julai yetu ni 3,800 kwa 3,208, yaani 1.184.

Hatua ya 4: Fahirisi ya msimu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo twende polepole. Kusanya uwiano wa Julai zote pamoja, Agosti zote pamoja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tuseme Julai tano zimetoa 1.18, 1.16, 1.19, 1.17 na 1.02.

Hiyo 1.02 ni ya mwaka ulioenda kombo. Kumbuka 2017: ukame ulikuwa umemaliza mahindi mapema, bei ikapaa kabla ya wakati wake, na Mei serikali ikaleta unga wa ruzuku wa shilingi 90 pakiti ya kilo 2. Mwaka wa namna hiyo haukufundishi Julai ilivyo. Ukichukua wastani wa kawaida wa namba hizo tano unapata 1.144, na mkasa wa mwaka mmoja utakuwa umepenyezwa kwenye Julai za miaka yote. Chukua mediani, yaani namba iliyo katikati ukizipanga kwa ukubwa: 1.17. Hiyo ndiyo fahirisi ya Julai. Excel inayo `MEDIAN`.

Ukishapata fahirisi 12, zijumlishe. Zinapaswa kufika 12 kamili. Zikifika 12.06, zidisha kila moja kwa 12/12.06, Julai inakuwa 1.164. Usiporekebisha hivyo, kiwango kizima cha bei kitasogezwa bila sababu.

Hatua ya 5: Kuondoa msimu

Gawa bei kwa fahirisi ya mwezi wake. Julai: 3,800 ÷ 1.164 = 3,265. Kama fahirisi ya Juni ni 1.13, basi Juni ni 3,700 ÷ 1.13 = 3,274. Sokoni bei imepanda shilingi 100, lakini msimu ukishatolewa haijasogea. Mabaki ya Julai ni 3,265 kwa 3,208, yaani 1.018.

Kabla ya kuamini matokeo, panga mabaki mwezi kwa mwezi. Yanapaswa kuchezacheza juu na chini ya 1 bila mpangilio. Ukiona Julai karibu zote ziko juu ya 1, msimu haujatoka wote. Rudi hatua ya 4, au ya 1.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Busia. Naweza kutumia fahirisi zako za Nakuru?*

Hapana, ndugu yangu. Huko kwenu mnavuna mapema kuliko sisi, mna msimu wa pili, na mahindi ya Uganda yanaingia kupitia mpaka wenu. Kilele chenu hakiko pale kilipo chetu. Tengeneza zako kutoka bei za soko lako.

*Naangalia omena wanaotua ufuo mmoja hapa Kisumu. Uvuvi ukifungwa napata sifuri. Nifanyeje?*

Kuzidisha hakutakufaa, dada, maana sifuri haina asilimia. Jaribu kujumlisha, au uchambue miezi ya uvuvi pekee. Na kama tarehe za kufunga zimewahi kubadilika, usichanganye miaka ya kabla na ya baada; ni misimu miwili tofauti.

*Nauza kuku. Fahirisi yangu ya Aprili inayumba sana kila mwaka.*

Hiyo ni Pasaka. Mwaka 2024 iliangukia Machi 31, mwaka 2025 Aprili 20, kwa hiyo manunuzi yalihama mwezi. Wastani wa miezi hauwezi kuifuata sikukuu inayohama, na Idd ndiyo zaidi, kwani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Programu ya X-13ARIMA-SEATS ina kigezo cha Pasaka, `easter[8]`, kinachoipima sikukuu kando na msimu.

*Na ile miezi sita ya mwisho iliyo wazi? Mimi ndiyo ninayoihitaji.*

Kuondoa msimu unaweza leo hii, kwa fahirisi ulizokwisha pata. Mwelekeo ndio unaokosekana. X-13 huziba pengo kwa kubashiri miezi ijayo, kwa hiyo namba zake za mwisho hubadilika data mpya ikiingia. Kwenye programu ya R, amri hii hufika hadi mwezi wa mwisho, na `robust` hupunguza nguvu ya miaka kama 2017:

```
stl(log(bei), s.window = "periodic", robust = TRUE)
```

`bei` iwe `ts` yenye `frequency = 12`. Ile `log` ndiyo inayogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Ukimaliza rudisha kwa `exp`.

*Mkulima akiniuliza auze lini, nimpe bei iliyotolewa msimu?*

La. Yeye huuza kwa bei ya sokoni, na msimu uleule tulioutoa ndio anaouhitaji. Mpe fahirisi: kama Novemba ni 0.86 na Julai ni 1.164, mwelekeo ukitulia gunia litapanda kama asilimia 35. Kisha atoe gharama ya ghala, dawa ya dumuzi na riba ya mkopo, aone kinachobaki.