Kusoma wingu kabla ya kutia urea au kupuliza dawa

Mkulima wa mahindi wa Gairo au Kongwa huwa na kazi mbili zinazogombania siku moja mwezi Februari. Mahindi yamefika magotini na yanadai urea, na kwenye moyo wa mche viwavijeshi vamizi wameshaanza kutoboa majani. Urea inataka mvua ya kiasi ifike mapema, iyeyuke na kushuka kwenye mizizi. Dawa inataka kinyume chake, saa kadhaa za ukavu ili ishike kwenye jani. Ukikosea siku, dawa inaoshwa na kiwavi anaendelea kula. Urea nayo, ikikaa juu ya udongo wenye unyevu kidogo na jua kali, hupotea hewani kama gesi ya amonia. Mvua kubwa ikiikuta juu ya udongo wa mteremko, inaishia korongoni.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilize kila siku. Utakueleza mkoa wako uko katika kipindi gani, na tahadhari ya mvua kubwa ikitolewa, iheshimu. Lakini mvua za msimu huu huja kwa mafungu: kijiji kimoja kinaloa, cha pili yake kinapata upepo na vumbi. Hiyo sehemu ya mwisho, ya shamba lako na alasiri yako, inabidi uitazame mwenyewe juu.

Majina ya mawingu tunayofundishwa shuleni yalitolewa mwaka 1802 na Luke Howard, mtengeneza dawa wa London. Kumulasi ni yale ya mafungu yenye kitako bapa, yanayokua kwenda juu. Stratasi ni yale yaliyotandazwa chini, ya kijivu, yasiyo na umbo. Sirasi ni nyuzi nyeupe za juu sana, ambazo ni chembe za barafu. Majina yanatufaa huku vizuri tu. Tatizo ni kanuni zilizokuja nayo.

Kanuni inayonukuliwa mara nyingi inasema ukiona sirasi, mvua iko njiani ndani ya siku moja. Ulaya kanuni hiyo ina msingi, kwa sababu huko hewa ya joto hupanda taratibu juu ya hewa baridi. Sirasi hutangulia, halafu tabaka linazidi kushuka na kuwa nene mpaka mvua. Karibu na ikweta mpangilio huo haupo. Sirasi nyingi tunazoziona ni mabaki ya vilele vya mawingu ya radi yaliyonyesha kwingine, yakasukumwa na upepo wa juu hata kwa mamia ya kilomita. Zinakuambia kulikuwa na mvua mahali fulani, wala hazikuambii inakuja kwako. Mkulima aliyeahirisha kupuliza kwa sababu ya nyuzi hizo peke yake amepoteza asubuhi nzuri. Kitu kimoja tu zinachoathiri siku yako ni jua: sirasi nene iliyofunika anga tangu asubuhi hupunguza joto la ardhi, na mawingu ya alasiri yanachelewa kuumuka au hayafiki mbali.

Kumulasi ndilo wingu la kufuatilia, na inafaa ulifuatilie kwa saa. Jua linapasha ardhi, hewa ya chini inapata joto na kupanda, inapoa ikipanda, na inapofika mahali unyevu wake unapoanza kuganda kuwa matone, hapo ndipo kitako bapa cha wingu kinapokaa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi kitako kinakuwa chini. Ikiwa kavu kinakuwa juu. Huhitaji kipimo. Chagua kilima unachokijua, kwa watu wa Gairo safu ya Ukaguru inatosha, na uangalie kitako kinakata mlima wapi leo ukilinganisha na jana. Kikishuka kuliko jana, hewa ya leo ina maji zaidi.

Anza saa moja asubuhi, kabla kumulasi lenyewe halijatokea. Ukiona kimo cha kati cha anga kuna safu ya mawingu madogo yenye vinara vinavyochomoza juu kutoka kitako kimoja, hilo ni altokumulasi la vinara. Maana yake hewa ya katikati tayari inapanda kirahisi, na wingu litakaloanza kuumuka mchana halitakuta kizuizi huko juu. Ishara hii hupita haraka; mara nyingi kufikia saa tatu imeshayeyuka na anga inaonekana safi. Wengi hudanganywa na usafi huo.

Kisha tazama kumulasi linaanza lini. Likichipuka saa tano au sita, likabaki pana kuliko urefu wake na vilele vikapotea kila baada ya dakika chache, siku hiyo ni ya ukavu. Likianza saa tatu hadi nne, na kufikia saa sita likawa refu kuliko upana wake, na kilele chake kina ukingo mkali uliojikunja kama koliflawa, jiandae. Ukingo huo mkali ni wa matone ya maji, na wingu bado linakua. Hatua inayofuata ndiyo muhimu kuliko zote: kilele kinapoteza ukali, kinakuwa na nyuzi laini, halafu kinatandazika bapa kwa pembeni. Hapo barafu imeanza kutengenezwa juu, limeshakuwa kumulonimbasi, yaani wingu la radi, na kama halijaanza kunyesha chini yake, linakaribia.

Tuchukue siku moja ya namna hiyo. Saa moja asubuhi una mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 kwa ekari yako, na dawa ya viwavijeshi imeshanunuliwa. Umeona vinara vya altokumulasi, na kitako cha mawingu ya jana kilikuwa chini. Basi asubuhi hiyo ni ya mbolea, na dawa inasubiri. Kama ulipanda sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, ekari ina miche karibu 18,000, hivyo kila mche unapata gramu zisizofika 3. Chimba kijishimo cha sentimita 5 kwenda chini, umbali wa sentimita 5 hadi 10 kutoka shinani, upande wa juu wa mteremko, utie, ufukie. Kufukia ndiko kunakokupa uhuru wa kukosea: mvua isipokuja, amonia inabaki ndani ya udongo, ikija kwa nguvu, haibebi mbolea yote. Aliyemwaga juu anategemea wingu lifanye hesabu yake sawasawa, na wingu halifanyi hivyo.

Kufikia saa nane kilele cha wingu upande wa milima kimeanza kutandazika. Sasa swali ni kama litakuja kwako. Usitumie upepo unaokupiga usoni, maana upepo wa chini mara nyingi huvutwa kuelekea kwenye wingu. Simama palepale, weka ukingo wa wingu sambamba na ncha ya mti au nguzo, na uangalie kwa dakika kumi unahamia upande gani. Likihama pembeni, litakupita. Likizidi kupanda angani bila kuhama pembeni, linakujia. Upepo ukigeuka ghafla na kuwa baridi, ukitoka upande wa wingu, hiyo ni hewa iliyoshuka na mvua. Zimebaki dakika chache. Jembe liwekwe. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, utapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na kwa umbali huo radi inaweza tayari kupiga ulipo. Ingia nyumbani, usisimame chini ya mbuyu.

Wingu moja la aina hii mara nyingi humaliza mvua yake ndani ya saa moja. Kopo lenye kuta zilizonyooka likiwekwa uwanjani litakuambia umepata nini: maji ya milimita 10 hadi 20 yanatosha kuteremsha urea. Asubuhi inayofuata, ikiwa anga haina vinara na majani yamekauka umande, ndiyo zamu ya dawa. Puliza mapema au jioni, viwavi wanapokuwa karibu na wazi, na usome kwenye kibandiko dawa yako inahitaji saa ngapi bila mvua.

Stratasi ni habari nyingine, na ni ya watu wengine: Lushoto, Meru, mitelemko ya kusini ya Kilimanjaro, na wenzetu wa Limuru na Kiambu, hasa Juni hadi Agosti. Upepo wa kusi huleta unyevu kutoka baharini, lakini juu yake kuna tabaka la hewa yenye joto zaidi linaloziba kama kifuniko. Wingu haliwezi kupanda, basi linatanda. Kwa hiyo stratasi, hata likiwa jeusi la kutisha, halina radi wala mvua ya kujaza mtaro. Linatoa manyunyu. Mkulima asiyahesabu manyunyu hayo kama umwagiliaji. Chimbua kwa kidole na utaona sentimita mbili kwenda chini udongo bado ni vumbi.

Hatari ya stratasi iko kwenye jani. Viazi na nyanya vinavyokaa na majani maji tangu usiku mpaka mchana, katika baridi ya nyuzi 10 hadi 20, viko katika hali inayopendwa na ugonjwa wa baka jani chelewa. Siku mbili au tatu mfululizo za wingu lisilopasuka, pita shambani ufunue majani ya chini: madoa ya kijani kilichokolea yenye ukungu mweupe upande wa chini wa jani yanamaanisha ugonjwa umeshaingia. Dawa za kinga kama mankozebu hukaa juu ya jani tu, hivyo ukipuliza juu ya jani linalodondosha maji, nyingi inatiririka chini. Tazama wingu kati ya saa nne na saa sita. Likianza kung'aa na kivuli chako kikaonekana, litapasuka, na utapata mwanya wa majani kukauka. Likibaki na giza lilelile, na matone yakawa makubwa na ya mfululizo, hilo si stratasi tena bali nimbostratasi, na dawa ya siku hiyo iache stoo.

Ratiba hii ya kumulasi ya asubuhi mpaka alasiri ni ya bara, mbali na maji makubwa. Bukoba haifuati. Usiku upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya Ziwa Viktoria, mawingu ya radi yanaumuka ziwani gizani, na mvua inafika pwani ya magharibi alfajiri au asubuhi. Mwenye migomba na kahawa huko akisubiri vinara vya saa moja atakuwa ameshaloa. Kwake la kuangalia ni mimuliko ya radi upande wa ziwa usiku kabla ya kulala, na kahawa aliyoianika asiiache nje.