Usiishie kwenye jibu sahihi, chungulia na mitego

Mpwa wangu wa Jinja kanitumia picha ya swali: shati limepunguzwa asilimia 20, sasa ni shilingi 40,000, bei ya kwanza ilikuwa ngapi? A 48,000, B 50,000, C 32,000, D 10,000. Ni B, maana 40,000 ni asilimia 80 ya bei ya zamani, gawa kwa 80 zidisha kwa 100. Yeye kaweka A, na huo ndo mtego mkali, unachukua asilimia 20 ya bei mpya unajumlisha 8,000 wakati punguzo lilikatwa kwenye ya zamani, we kata asilimia 20 kwenye 48,000 uone, inatoka 38,400. C ni ya mtu aliyepunguza tena asilimia 20 kwenye 40,000, D ni punguzo lenyewe. Nimemwambia kando ya kila herufi aandike mtu kateleza wapi.