Jinsi ya kuchagua na kuomba kimumunyishi cha kusafishia fuwele, na la kufanya mafuta yakitokea

Maabara nyingi za vyuo hukutaka ujaze fomu ya stoo kabla ya kazi: kimumunyishi gani, kiasi gani, cha nini. Wengi huandika "ethanoli, nusu lita" kwa mazoea, kisha wanashangaa fuwele hazitoki. Fomu ijazwe mwisho, baada ya majaribio madogo ya mirija. Hapa tutafuata sampuli moja, gramu 5 za asetanilidi chafu yenye rangi ya kahawia, kwa sababu hugeuka mafuta kirahisi, yaani hutoa matone yaliyoyeyuka badala ya fuwele, na kuwachanganya watu.

Anza na mirija mitatu. Weka takriban gramu 0.1 ya sampuli katika kila mmoja, yaani kiasi kinachokaa kwenye ncha ya spatula. Mrija wa kwanza tia mililita 1 ya ethanoli, wa pili heksani, wa tatu maji yaliyotoneshwa. Tikisa kwanza bila kupasha moto. Kwenye ethanoli sampuli itamumunyika palepale ikiwa baridi, na hapo ethanoli peke yake imeshafeli, maana kitu kinachomumunyika kwenye baridi hakitarudi kuwa fuwele ukikipoza. Heksani itaiacha sampuli chini. Ipashe kwenye bika la maji ya moto, si kwenye mwali, kwani heksani inashika moto upesi. Hata ikiwa moto, sampuli karibu yote itabaki. Nayo imefeli.

Maji ndiyo yenye hadithi. Yakiwa baridi hayagusi sampuli. Ukiuweka mrija kwenye maji yanayochemka, unga utatoweka, lakini chini utaona tone zito linalong'aa, linaloteleza ukiuinamisha mrija. Hilo tone si uchafu, wala si dalili kwamba maji hayafai. Ni asetanilidi iliyoyeyuka. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo kwa kitonesho, ukitikisa kila mara. Tone litapungua, na ukifika karibu na mililita 2.2 litakuwa limetoweka. Poza mrija chini ya bomba: vipande vyeupe vyembamba vitajaa. Umepata kimumunyishi chako, na hesabu yake pia. Gramu 0.1 imetaka mililita 2.2, basi gramu 5 zitataka mililita 110. Kwenye fomu andika maji yaliyotoneshwa mililita 200, yatoshe kazi, kujazia yanayopotea kwa mvuke, na kuoshea.

Inafaa kujua tone lile lilitoka wapi, la sivyo utalikuta tena kwenye chupa kubwa. Asetanilidi kavu huyeyuka kwenye nyuzi 114 za Selsiasi, na maji huchemka kwenye 100, kwa hiyo mtu anayefuata kanuni ya "kimumunyishi kichemke chini ya kiwango cha kuyeyuka" atadhani yuko salama. Lakini asetanilidi iliyolowa maji huyeyuka mapema, kwenye nyuzi 83 hivi. Juu ya joto hilo, mmumunyo ukizidi gramu 5.2 katika kila gramu 100, ziada hujitenga kama mafuta. Ukiwa chini ya kiwango hicho, mmumunyo hupoa ukipita 83 bila kutoa chochote, kisha fuwele huanza zenyewe. Uchafu nao hushusha kiwango cha kuyeyuka zaidi, ndiyo maana sampuli chafu sana hutoa mafuta hata pale safi isingetoa.

Sasa kazi yenyewe. Chemsha maji kwenye bika la pembeni. Weka gramu 5 kwenye flaski ya koni, tia mililita 90 za maji ya moto, chemsha ukikoroga. Utaona mafuta. Usiwe na haraka ya kumwaga maji yote. Ongeza mililita 5 kwa 5, ukiacha mmumunyo uchemke kila mara. Mafuta yakipungua, endelea. Kikibaki kitu kisichobadilika umbo hata baada ya nyongeza mbili, huo ni uchafu usiomumunyika, uache uondoke kwenye karatasi ya kuchujia. Watu hupoteza nusu ya zao lao wakiufukuza uchafu huu kwa maji.

Kama rangi ni nzito, ondoa flaski motoni, subiri mchemko utulie, ndipo utie unga kidogo wa mkaa wa maabara. Ukiutia kwenye mmumunyo unaochemka utafurika hadi mezani. Chemsha tena dakika chache, kisha chuja ukiwa moto, kwa faneli ya shina fupi iliyopashwa. Faneli baridi hugandisha fuwele shingoni, na hiyo ni sababu ya kawaida ya zao dogo ambayo haionekani kwenye hesabu yoyote.

Kabla ya kuchuja, tazama ujazo. Mililita 20 zikipotea kwa mvuke, 110 zinakuwa 90, nawe umerudi juu ya ile 5.2 na mafuta yatakuja wakati wa kupoa. Rudishia maji ya moto hadi alama ya mililita 110, unayoiweka mapema kwa kalamu ubavuni mwa flaski.

Funika flaski, iache mezani ipoe polepole. Barafu ije baadaye, mkono ukiweza kuishika flaski bila kuungua. Ikiwa mmumunyo unageuka maziwa na matone yanakaa chini, usiyaache yagande: mafuta hubeba uchafu vizuri kuliko maji, na yakiganda utapata donge la kahawia lililochafuka kama mwanzo. Rudisha motoni, ongeza mililita 5 hadi 10 za maji ya moto, poza taratibu zaidi huku flaski imezungushiwa taulo. Joto likishuka chini ya 83, dondosha punje moja ya asetanilidi safi, ukoroge. Kwa sampuli nyingine inayosafishwa kwa mchanganyiko wa ethanoli na maji, dawa ni kinyume chake: ongeza ethanoli, ambayo ndiyo inayoimumunyisha, si maji.

Kama imepoa kabisa na haitoi kitu, kwaruza ukuta wa ndani wa flaski kwa fimbo ya kioo, pale uso wa mmumunyo unapogusa kioo. Ikishindikana, huenda maji yalizidi. Tonesha matone machache kwenye kioo cha saa, uyakaushe: mabaki meupe mengi yanamaanisha zao liko humo ndani. Chemsha kupunguza ujazo, upoze tena.

Zao utarajie kiasi gani? Kwenye nyuzi 20, mililita 100 za maji hushikilia takriban gramu 0.46 za asetanilidi. Mililita 110 zinakula nusu gramu, kwa hiyo sampuli ikiwa karibu safi, juu kabisa utapata kama gramu 4.5. Aliyetumia mililita 250 amepoteza gramu 1.15 kabla hajachuja, na hata awe mwangalifu vipi hazitarudi bila kupunguza maji. Kuosha nako kuna gharama: mililita 5 za maji ya barafu, mara mbili, zinatosha. Maji ya bomba vuguvugu yanaondoka na fuwele.

Kausha hadi uzito usibadilike, kisha pima kiwango cha kuyeyuka. Ukisoma 113 hadi 115, jaza sehemu ya mwisho ya fomu, uzito na asilimia. Ikianza kuyeyuka kwenye 105 na kumaliza 111, kwanza ikaushe tena, kwani unyevu peke yake unatosha kuishusha. Ikibaki vilevile, irudie kwa maji mapya, ukihesabu ujazo kwa uzito ulio nao sasa, si zile gramu 5 za mwanzo.