Doa jeupe kwenye T2: ni maji au mafuta?

Tuchukue MRI ya kiuno. Kwenye T2, uboho wa pingili za L4 na L5 unang'aa juu na chini ya diski. T2 peke yake haikwambii kama huo ni uvimbe wa maji, yaani edema, au mafuta, kwa sababu T2 za siku hizi hupigwa kwa njia ya haraka (kwenye skrini utaona TSE au FSE), na njia hiyo huyaacha mafuta yakiwa meupe karibu kama maji.

Hatua ya 1. Weka T1, T2 na STIR za ubavuni pamoja, zote kwenye kipande kilekile.

Hatua ya 2. Hakikisha unajua unachotazama. Angalia maji yanayozunguka neva ndani ya uti wa mgongo, kisha mafuta ya chini ya ngozi. Kwenye T1 maji ni meusi na mafuta meupe. Kwenye T2 vyote ni vyeupe. Kwenye STIR maji hubaki meupe, mafuta huzimwa.

Hatua ya 3. Sasa rudi kwenye doa, ukianza na T1. Likiwa jeusi kwenye T1 na jeupe kwenye STIR, ni maji: uvimbe wa uboho, yaani badiliko la Modic aina ya 1. Likiwa jeupe kwenye T1 na kuzimika kwenye STIR, ni mafuta, aina ya 2. Jeusi kotekote ni mfupa uliokakamaa, aina ya 3. Lakini maji hayataji chanzo chake. Diski yenyewe iking'aa kama maji na kingo za pingili zikawa zimelika, fikiria maambukizi kwanza.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi hupotea: mafuta yasiyozimika. Badala ya STIR, vituo vingine hutumia T2 yenye fat sat, ambayo huyatambua mafuta kwa masafa yake. Kwenye mashine ya Tesla 1.5 yanatofautiana na maji kwa takriban Hz 220 tu. Skrubu ya chuma, au ukingo wa picha ambako sumaku haiko sawasawa, huvuruga pengo hilo. Mafuta hubaki meupe na kujifanya uvimbe. Utalijua kosa hili ukitazama mafuta ya jirani: nayo yaking'aa, na T1 ikawa nyeupe palepale, usiandike uvimbe.

Kwa uti wa mgongo, hasa wenye chuma, chagua STIR. Yenyewe hutegemea muda wa T1 wa mafuta, si masafa. TI, yaani muda unaosubiriwa ili mafuta yazimike, ya milisekunde 150 hadi 175 hutosha kwenye Tesla 1.5, na Tesla 3 huhitaji zaidi. Ipige kabla ya kuchoma gadolinia. Dawa hiyo hufupisha T1 ya tishu inayoipokea hadi ikaribie ya mafuta, na STIR huizima pamoja nayo. Damu iliyovuja siku kadhaa zilizopita nayo huweza kuzimwa hivyohivyo, maana ni nyeupe kwenye T1. Ukiishuku, linganisha na fat sat ya T1: mafuta yatazimika, damu itabaki nyeupe.